Pluto Inapopita Juu ya Jua la Kuzaliwa: Kusoma Miaka ya Kuvunja na Kujenga Upya

Kati ya mapito yote ninayosomea watu hapa Dodoma, yale yanayohitaji subira kubwa kuliko mengine ni mapito ya Pluto juu ya Jua la kuzaliwa au juu ya alama inayochomoza. Mapito ni sayari ya leo kupita mahali palipokuwa na Jua au alama hiyo mtu alipozaliwa, na Pluto ndiyo sayari ya kuvunja na kujenga upya. Katika unajimu, Jua ni kile ambacho mtu anajijua kuwa ndicho yeye, na alama inayochomoza, yaani ile iliyokuwa ikipanda upande wa mashariki alipozaliwa, ni namna anavyojitokeza mbele za watu. Pluto huchukua takriban miaka 248 kuzunguka falaki yote, kwa hiyo watu wengi huishi na kufa bila kuipata juu ya Jua lao, na anayeipata huipata mara moja tu.

Tangu Novemba 2024 Pluto imo katika alama ya Ndoo, nayo itakaa humo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2040. Wanaoguswa moja kwa moja kwa sasa ni wale ambao Jua lao limo katika digrii za mwanzo za Ndoo, yaani waliozaliwa kati ya tarehe 20 na 26 Januari hivi, pamoja na wale ambao alama yao inayochomoza imo katika digrii hizo hizo, hata kama walizaliwa mwezi mwingine kabisa.

Nitaeleza kwa chati, yaani ramani ya anga la wakati wa kuzaliwa, ya mteja mmoja, ambaye ameniruhusu kuizungumzia bila kumtaja jina. Ni mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, aliyezaliwa wilayani Kongwa tarehe 23 Januari 1984, saa mbili usiku kwa maelezo ya mama yake. Kabla ya kusoma lolote, niliingiza saa 20:00 kwenye programu, nikahakikisha nimeandika latitudo ya kusini na saa za Afrika Mashariki, ambazo ni saa tatu mbele ya saa za dunia. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi katika chati ambazo watu wamejitengenezea kwenye simu. Anayeambiwa “saa mbili” akaandika 2:00 kama alivyosikia, programu itampa Nge kuwa alama inayochomoza. Akiandika 14:00, itampa Ng'ombe. Saa 20:00 inampa Simba, na kwa kuwa mtawala wa Simba ni Jua, kwa mteja huyu Jua linabeba mambo mawili kwa pamoja: nafsi yake, na sura anayowaonyesha watu.

Jua lake limo karibu na digrii ya 3 ya Ndoo. Pluto husonga mbele kwa chini ya digrii mbili kwa mwaka tukishatoa sehemu inayorudi nyuma, kwani kila mwaka huonekana ikirudi nyuma kwa zaidi ya miezi mitano. Ndiyo maana huwa haipiti juu ya Jua mara moja na kuondoka. Kwa mteja huyu ilifika hapo mara ya kwanza Machi 2025, ikasimama mwanzoni mwa Mei ikiwa digrii moja hivi mbele, ikarudi nyuma na kuligusa Jua tena Julai, kisha ikageuka katikati ya Oktoba na kuligusa kwa mara ya tatu Januari 2026. Wengi wakisikia mara tatu hudhani kazi imekwisha hapo. Lakini tukifuata hesabu hadi Oktoba 2026, tunaona Pluto ikirudi nyuma tena hadi karibu sana na digrii ya 3 na kusimama pale pale, bila kuvuka, kabla ya kuanza kwenda mbele. Sayari inayosimama karibu na Jua kiasi hicho mimi huihesabu kuwa mguso wa nne, na kwa hiyo nilimwambia kwamba mwaka wa 2026 wote bado umo ndani ya ujenzi.

Miguso hii haifanyi kazi ya aina moja. Wa kwanza huonyesha nguzo gani imeoza. Kwake ilikuwa ni ile hadhi ya kuitwa bosi, mtu ambaye ukoo mzima unamtegemea kwa ada, misiba na mahari, naye hajawahi kusema hana. Machi 2025 mshirika wake alitoa mtaji wake kwenye biashara, na kwa mara ya kwanza alishindwa kuchangia harusi ya mdogo wake. Ukitazama kwa nje ni hasara ya fedha. Kwenye chati ni Jua, ndiyo maana kilichomuuma zaidi ni aibu. Alipokuja kwangu alisema, “Mama, siku hizi hata nikiitwa bosi pale sokoni, nageuka kutazama anaitwa nani.”

Mguso wa pili, Pluto ikiwa inarudi nyuma, ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu mtu huwa ameanza kujenga upya ile ile ya zamani. Yeye alikuwa tayari kukopa ili arudishe ukubwa wa ghala aliokuwa nao, na nilimsihi angoje. Anayevunja tembe huteremsha kwanza udongo wa juu, kisha huzikagua nguzo moja moja, na iliyoliwa na mchwa hairudishi ukutani hata kama kwa nje inaonekana nzima. Swali nililompa lilikuwa moja: mkopo huu ni wa biashara, au ni wa kulipia jina? Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema ni wa jina. Hakukopa.

Mguso wa tatu huonyesha kilichobaki. Januari 2026 alikuwa akinunua mahindi kidogo kidogo kwa fedha zake mwenyewe, na alikuwa amewaambia ndugu zake wazi ni kiasi gani anaweza kutoa kwa mwaka. Wapo waliokasirika, na hadi leo hawajarudi kwake.

Kinachonionyesha kwamba mtu bado yuko katika kuvunja si wingi wa matatizo yake. Mimi husikiliza anavyojieleza. Akiendelea kujitambulisha kwa cheo ambacho hana tena, kujenga hakujaanza, hata kama ana kazi mpya na nyumba mpya.

Kwa wanaosoma alama inayochomoza badala ya Jua, nafasi ya kukosea katika usomaji huu ni kubwa zaidi. Jua husogea digrii moja kwa siku, kwa hiyo tarehe sahihi inatosha kukadiria miezi. Alama inayochomoza husogea digrii moja kwa takriban kila dakika nne. Mama akikumbuka “saa mbili na kitu,” na hicho kitu kikawa dakika ishirini, tumekosea digrii tano, ambazo kwa mwendo wa Pluto wa sasa ni kama miaka mitatu. Katika hali hiyo sitoi miezi. Nauliza kwanza matukio ya nyuma, kama kuhama, ndoa, au kufiwa na mzazi, nayalinganisha na mapito ya Zohali juu ya alama ile, na nisipopata ulinganifu ninaloweza kusema ni kwamba kipindi hicho kimo ndani ya muongo huu. Na mtu anayeniambia halali usiku au haoni sababu ya kuishi, namwelekeza hospitalini siku hiyo hiyo. Chati tutaifungua akishatibiwa.