Muhuri wa mwanasheria si stempu: mkataba wa fremu na ile asilimia moja

Kwenye dawati la elimu kwa mlipakodi, mkataba wa pango hufika ukiwa umekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki, na karibu kila mara una muhuri. Mwingine una muhuri wa mwanasheria, mwingine wa serikali ya mtaa, na niliwahi kuuona wenye yote miwili pamoja na alama ya dole gumba la shahidi. Mwenye nao huuweka mezani kwa kujiamini: "Huu umeshagongwa." Kugongwa umegongwa kweli, ila ushuru wa stempu bado haujalipwa.

Mihuri hiyo ina kazi yake. Wa mwanasheria unasema waliosaini walisaini mbele yake, na wa mtaa unasema mwenyekiti anawafahamu. Ushuru wa stempu ni kitu kingine kabisa. Ni tozo ya serikali juu ya hati yenyewe, yaani ile karatasi mliyoisaini, na kwa Tanzania Bara inatozwa kwa Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, sheria ambayo asili yake ni mwaka 1972. Wala usiuchanganye na stempu za kielektroniki zinazobandikwa kwenye chupa za soda na bia. Jina linafanana, lakini hayo ni mambo ya viwanda na waagizaji, na duka lako la vitenge halihusiki nayo.

Kwa mkataba wa pango kiwango ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, na muda wa kulipa ni siku 30 tangu kusainiwa. Pasipo makubaliano mengine, anayelipa ni mpangaji. Hapo ndipo maswali yanapoanza, kwa hiyo twende na mfano mmoja mpaka mwisho.

Tumchukue dada anayefungua duka la vitenge Mwanjelwa, Mbeya. Amepata fremu kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Wanasaini tarehe 10 Juni. Kwa mwaka kodi ya pango ni shilingi 3,000,000, kwa hiyo ushuru wa stempu ni shilingi 30,000, na siku zake 30 zinaisha tarehe 10 Julai. Asipige hesabu kwa ile miezi sita aliyolipa, kwa sababu kinachotazamwa ni kodi ya mwaka iliyoandikwa kwenye mkataba, hata kama nusu yake haijatoka mfukoni.

Anakwenda ofisi ya kodi na mkataba halisi, pamoja na TIN yake na ya mwenye nyumba kama anayo. Afisa anausoma, anakadiria, na anatoa namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontrol namba. Dada analipa benki au kwa simu. Baada ya hapo arudi na uthibitisho wa malipo ili mkataba wenyewe uwekewe alama kwamba umelipiwa. Hatua hii ya mwisho watu huiruka. Wanalipa, wanaona ujumbe kwenye simu, wanatosheka. Miaka miwili baadaye simu imeibiwa, na kwenye karatasi hakuna chochote kinachoonyesha kwamba shilingi 30,000 iliwahi kulipwa.

Sasa kitendawili kinachowaudhi wengi. Dada anafika akitegemea kuambiwa elfu thelathini, halafu anasikia habari ya laki tatu. Anatoka nje analalamika kwamba stempu ni asilimia 11. Sivyo. Ameonyeshwa kodi mbili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mkataba huohuo mmoja ndio unaozifichua zote. Ya pili ni kodi ya zuio kwenye pango, asilimia 10, na hiyo si kodi ya mpangaji. Ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mpangaji anayepanga kwa ajili ya biashara aikate kwenye kodi ya pango kabla hajamkabidhi mwenye nyumba pesa yake, kisha aiwasilishe serikalini ndani ya siku 7 baada ya mwezi husika kwisha.

Kwa dada wa vitenge ingekuwa hivi. Miezi sita ni shilingi 1,500,000. Anakata asilimia 10, yaani 150,000, na kumpa mwenye nyumba 1,350,000. Ile 150,000 anaiwasilisha kabla ya tarehe 7 Julai kupita, na mwenye nyumba anapewa hati ya kodi ya zuio. Hati hiyo ni mali yake, inaonyesha kodi aliyokwisha kulipa kupitia kwa mpangaji. Miezi sita mingine ikilipwa Desemba, anakata tena 150,000 na kuiwasilisha kufikia tarehe 7 Januari. Mfukoni mwa dada, gharama ya serikali juu ya mkataba huu ni shilingi 30,000 tu. Laki tatu zote zimetoka kwenye pesa ya pango, ambayo angeilipa hata hivyo.

Tatizo ni kwamba mambo huwa hayaendi hivyo. Mwenye nyumba ameshapokea milioni moja na nusu kamili, ameshanunua bati, na mpangaji ndiyo kwanza anasikia neno zuio. Hapo sheria haimwachi. Aliyetakiwa kukata na hakukata bado anawajibika kuwasilisha kodi hiyo, ingawa ana haki ya kuidai kwa mwenye nyumba. Haki ipo kwenye kitabu, lakini kumdai mtu anayekushikilia fremu ni jambo lingine, na silaumu wanaoamua kumeza hasara yao kimya. Ndiyo maana ushauri wangu ni kulizungumza kabla ya kusaini, siku ile bado mnapatana bei, si baada ya kukabidhiana funguo.

Na ukishalizungumza, soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Mikataba mingi ya fremu huchapwa stesheneri kutoka kwenye nakala moja ya zamani, na ndani yake kuna kifungu kama hiki: "Kodi na ushuru wote wa serikali utalipwa na mpangaji." Kinasomeka kama jambo la kawaida. Kwa ushuru wa stempu hakina madhara, maana huo ulikuwa wako tangu mwanzo. Ila mwenye nyumba atakitumia kukataa asikatwe ile asilimia 10, na hapo fremu ya 250,000 inakuwa fremu ya 275,000 kwa mwezi. Ukiona kifungu hicho, omba kiandikwe upya: mpangaji atalipa ushuru wa stempu, na kodi ya zuio itakatwa kwenye kodi ya pango kwa mujibu wa sheria. Akikataa, basi angalau utajua bei halisi unayopanga.

Tumalizie swali ninaloulizwa kuliko yote: mkataba usiolipiwa stempu ni batili? Hapana. Makubaliano yenu yanabaki makubaliano. Kinachopotea ni uwezo wa kuutumia kama ushahidi. Kifungu cha 47 cha sheria ile kinazuia hati inayopaswa kulipiwa ushuru isipokelewe kwenye ushahidi kama haijalipiwa. Kesi za jinai hazifungwi na kizuizi hicho, lakini ugomvi wa fremu kwa kawaida si jinai.

Turudi Mwanjelwa, safari hii tuseme dada hakulipa stempu. Mwezi wa nne wa mkataba, mwenye nyumba anasema kodi sasa ni 350,000, la sivyo dada ahame. Dada anasema tuna mkataba wa mwaka, na ni kweli. Shauri linafunguliwa, anautoa mkataba wake, na wakili wa upande wa pili anasimama kupinga usipokelewe: huu haujalipiwa stempu. Hasemi kwamba mkataba ni wa uongo, wala hasemi kwamba mteja wake hakuusaini. Pingamizi hilo moja linatosha kuuweka pembeni, na dada anabaki na maneno yake dhidi ya maneno ya mwenye nyumba.

Mlango haujafungwa moja kwa moja. Sheria inaruhusu hati kama hiyo ipokelewe baada ya kulipiwa ushuru uliotakiwa pamoja na adhabu, kwa hiyo anaweza kuomba nafasi akalipe kisha arudi nayo. Lakini aombe palepale pingamizi linapotolewa. Akinyamaza, shauri linasonga bila karatasi yake, na kuja kuirudisha kwenye rufaa ni safari ndefu na ya gharama kuliko ile elfu thelathini.

Kuna ujanja mmoja wa mtaani ambao lazima niutaje: kuandika mikataba miwili, mmoja wa 250,000 wa kweli unaobaki kabatini, mwingine wa 100,000 wa kupeleka ofisini. Kwenye stempu mpangaji anaokoa shilingi 18,000. Anayefaidi hasa ni mwenye nyumba, kwani zuio lake linashuka kutoka 300,000 hadi 120,000 kwa mwaka. Halafu likitokea la kutokea, mpangaji akatolewa mwishoni mwa mwezi wa pili wa mkataba akadai kurudishiwa miezi minne aliyolipia, mkataba uliolipiwa stempu unasema miezi minne ni shilingi 400,000. Alizotoa kweli ni 1,000,000. Yule wa kabatini haujalipiwa, na akiutoa anajikiri kwamba alipeleka serikalini karatasi isiyo ya kweli. Ukiniuliza mimi, sijaona mpango mwingine ambapo mpangaji mdogo anabeba hatari yote kwa faida ya mwenzake namna hii.

Wenye mikataba ya mikopo, msichukue asilimia 1 ya pango mkaipeleka huko. Jedwali la sheria hii limepanga hati kwa aina zake, na kila aina ina kiwango chake. Mwambie afisa ni hati ya aina gani, au mwonyeshe, naye atakadiria. Kanuni ya ushahidi ni ileile: mkopo wa rafiki ulioandikwa kwenye karatasi unaweza kukataliwa siku ya kudaiana kwa sababu hiihii.

Na kuhusu mwaka wa pili. Dada akimaliza mwaka wake vizuri, mwenye nyumba huwa hachapi mkataba mpya. Anachukua kalamu, anaandika chini ya ule wa zamani, "Tumeongeza mwaka mmoja, kodi 280,000," wanasaini wote wawili. Mstari huo ni makubaliano mapya ya pango, na siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya tangu walipousaini. Kodi ya mwaka sasa ni 3,360,000, stempu ni shilingi 33,600. Apeleke karatasi hiyohiyo, yenye alama ya malipo ya mwaka jana juu na mwandiko mpya chini.