Kiwanja alichopewa kaka mkubwa baba akiwa hai: kinahesabiwa kwenye mirathi?

"Huyu si alishapewa kiwanja Mbezi? Anataka nini tena kwenye nyumba ya Tabata?" Katika kesi za mirathi ninazosimamia hapa Dar es Salaam, kauli hii hutoka mapema mno, mara nyingi hata muhtasari wa kikao cha ukoo haujaandikwa. Anayeisema huwa hana shaka kwamba sheria iko upande wake. Mara nyingi haiko.

Nichukue familia moja. Majina naacha, na namba nimezibadilisha kidogo ili hesabu iende vizuri. Baba mjane, watoto wanne, wote watu wazima. Mwaka 2009 alimpa mtoto wa kwanza kiwanja Mbezi Luis, wakati huo thamani yake haizidi milioni 8. Kaka akajenga kwa hela yake. Baba amefariki na kuacha nyumba Tabata ya milioni 120, kiwanja Chanika cha milioni 20, na milioni 20 benki. Jumla milioni 160. Kile kiwanja cha Mbezi, ukitoa nyumba iliyo juu yake, leo kinauzika milioni 60.

Wadogo wanataka kiwanja cha Mbezi kirudishwe kapuni kwa hesabu tu, si kwa kumnyang'anya. Yaani 160 jumlisha 60 ni 220, gawa kwa wanne ni milioni 55 kila mtu. Kaka tayari ana 60, amezidi, kwa hiyo hapati kitu, na hizo 160 wanagawana watatu: milioni 53 na ushee kila mmoja. Kaka anasema hapana, 160 igawanywe kwa wanne, kila mtu 40. Tofauti ya mdogo mmoja kati ya hesabu hizi mbili ni zaidi ya milioni 13. Ndiyo maana watu wanaacha kusalimiana.

Swali la kwanza ambalo wakili au hakimu atauliza halihusu kiwanja kabisa. Ni hili: marehemu aliishi vipi? Tanzania hatuna sheria moja ya mirathi. Kuna sheria za kimila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo tuliirithi kwa Waingereza na bado inatumika kwa watu ambao maisha yao na nia yao vinaonyesha walishaachana na mila, wengi wao Wakristo wa mjini. Baba yetu huyu alifunga ndoa kanisani, aliishi Dar tangu ujana, watoto hawajui hata njia ya kijijini kwake. Hakuacha wasia. Familia ikakubaliana kwamba yake ni ya mwaka 1865.

Na sheria hiyo imelisema jambo hili waziwazi: mtoto anapodai fungu lake kwa marehemu asiye na wasia, fedha au mali aliyopewa na marehemu akiwa hai kwa ajili ya kumwinua kimaisha haihesabiwi. Kwisha. Kaka anapata milioni 40 zake na kiwanja cha Mbezi kinabaki kuwa chake.

Nilipowasomea hilo, shangazi yao aliguna, akasema, "Mwanangu, mbona kwenye simu nimemsikia wakili anasema lazima vihesabiwe?" Shangazi hakusikia vibaya. Wakili huyo alikuwa Mkenya. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inaagiza kinyume kabisa: alichopewa mtoto enzi za uhai wa mzazi kizingatiwe kwenye kukokotoa fungu lake. Uingereza nako walikuwa na kanuni ya namna hiyo, wakaifuta kwa vifo vya kuanzia mwaka 1996. Video za sheria kwa Kiswahili hazionyeshi mpaka wa Namanga, na nimeona vikao viwili vitatu vya ukoo vikipotezwa njia na jambo hilo.

Lakini wadogo hawakuwa wamekwisha. Jibu la "hakihesabiwi" linasimama tu kama kweli kulikuwa na zawadi, na ikakamilika. Hapo ndipo kazi yangu kubwa ilipo, na mara nyingi kesi inaamuliwa na karatasi moja iliyo kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro.

Ardhi yenye hati haihami kwa maneno ya mezani Sikukuu ya Krismasi. Inahitaji maandishi ya uhamisho na usajili kwa Msajili wa Hati. Kama hati bado ina jina la baba, na hakuna maandishi yoyote, kiwanja hicho kwenye karatasi bado ni mali ya marehemu. Msimamizi atakiorodhesha kama kilivyo Chanika, na kaka atabaki kudai gharama za ujenzi wake na kuleta mashahidi wa ahadi. Kwa viwanja visivyopimwa, hali ni ya vumbi zaidi: tunaangalia karatasi ya serikali ya mtaa, nani alisaini, majirani walitambulishwa kwa nani, nani amekuwa akilipia. Kaka yetu alikuwa na hati kwa jina lake tangu 2011. Mlango huo ukafungwa.

Mlango wa pili ni deni. "Baba alimpa" na "baba alimkopesha" ni mambo mawili tofauti kabisa. Zawadi haihesabiwi, ila deni ni mali ya marehemu kama ilivyo fedha ya benki, na msimamizi ana wajibu wa kulidai au kulikata kwenye fungu la mdaiwa. Mdogo wa pili kwenye familia hii alichukua milioni 5 za baba kuanzisha duka la vipuri Ilala, na ujumbe wa simu upo: "Mzee nitarudisha baada ya mwaka." Aliyekuwa akipiga kelele zaidi kuhusu Mbezi ndiye huyo. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Angalizo tu: deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6, kwa hiyo mkopo wa zamani ambao baba hakuufuatilia unaweza kuwa umekwisha nguvu mahakamani, hata kama ushahidi upo.

Ada za shule, kwa maoni yangu, ziachwe. Kuna mtoto wao wa tatu aliyesomeshwa India, na hesabu ya ada ikaletwa kikaoni hadi na nauli ya ndege. Hata katika nchi ambazo zawadi huhesabiwa, kawaida kinachotazamwa ni mtaji wa kumwanzishia mtoto maisha, si malezi na masomo. Ukianza kuhesabu ada utaishia kwenye maziwa ya kopo.

Sasa, kama marehemu angekuwa Mwislamu, matokeo ya mwisho yangefanana, ila vipimo ni vingine. Hiba, yaani zawadi ambayo mtu anatoa akiwa hai, ikitimia inatoka kwenye milki ya mtoaji, na mirathi inagusa tarika tu, yaani kile alichokiacha. Hiba hutimia kwa kutolewa, kukubaliwa na kukabidhiwa. Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Nina kesi ya fremu tatu za maduka Mbagala. Baba alitamka mbele ya mashahidi kwamba ni za binti yake, kila mtu anakubali alitamka. Ila wapangaji waliendelea kulipa kodi kwenye simu ya baba mpaka wiki aliyofariki, mikataba anasaini yeye, mabati yakivuja anaitwa yeye. Binti alikabidhiwa nini? Hoja ya warithi wengine kwamba fremu zile ni tarika ni nzito, na nimemwambia binti hivyo.

Kipimo kingine ni ugonjwa wa mauti. Alichogawa mtu akiwa katika maradhi yaliyomwua huchukuliwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Karatasi ya hiba iliyosainiwa wodini kwa dole gumba huwa naisoma mara mbili. Ama kuhusu upendeleo wenyewe, hadithi ya Nuuman bin Bashir inajulikana: baba yake alipompa zawadi, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama watoto wote wamepewa mfano wake. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani hii, usawa huo ni jambo lililosisitizwa, lakini hiba isiyo sawa haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake.

Kwenye mila sitakaa sana kwa sababu kila jamii ina yake. Huko wazee huwa wanauliza wazi nani alipewa nini, na wanalipima.

Turudi Tabata. Baada ya milango yote kufungwa, kaka mwenyewe alisema hataki milioni 40 kamili. Hilo linaruhusiwa: warithi watu wazima wanaweza kukubaliana mgawo tofauti na wa sheria. Ila wakagombania thamani. Wadogo wanataka 60 ya leo, kaka anasema alipewa pori la milioni 8. Ukitumia 8, hesabu ni 168 gawa kwa wanne, milioni 42: kaka anachukua 34, wengine 42 kila mmoja. Walisuluhishana katikati, kaka akachukua 25 na wengine 45. Ile milioni 5 ya duka ikahesabiwa peke yake, mdogo wa pili akakatwa.

Makubaliano hayo yaliandikwa, yakasainiwa na wote mbele ya mashahidi, na yakaambatanishwa kwenye hesabu za msimamizi zilizopelekwa mahakamani. Yakibaki kwenye kundi la WhatsApp la familia, mtu akibadili mawazo hayana meno. Na kama mmoja wa warithi ana umri chini ya miaka 18, hakuna wa kumsainia apunguziwe fungu lake. Mtoto huyo apate kile sheria inachompa, wakubwa wapunguziane wao kwa wao.

Kwa mzazi anayesoma hapa na ana mtoto aliyekwisha kumpa: kama unataka kihesabiwe, andika wewe. Wasia chini ya ile sheria ya 1865 unaruhusu, na ni lazima useme, kwa sababu sheria hiyohiyo inasema zawadi uliyotoa baada ya kuandika wasia haipunguzi ulichomwachia mtoto humo. Taja kiwanja kwa namba yake na kilipo, taja mwaka uliompa, kisha andika thamani itakayotumika: ya siku uliyompa, ya siku utakayofariki, au kiasi ulichokipanga mwenyewe. Ukiacha sehemu hiyo ya mwisho wazi, ugomvi wa 8 na 60 utakuwa palepale. Na kama unachotaka kumpa ni nyumba mnayoishi na mkeo au mumeo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzako kwanza, kwa hiyo saini yake itafutwe kabla ya kwenda kwa Msajili.