Kampuni nyingi za maji, bei nafuu?

"Serikali iruhusu kampuni tano za maji kila mtaa, bei itashuka kama ya simu. Tuma kwa wengine!"

Kwa simu, ni kweli. Mnara mmoja huhudumia maelfu bila kuchimba mpaka mlangoni pa kila mtu. Ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Bomba ni jambo lingine, hasa hapa Goma penye mawe ya volkano. Tuseme kulaza bomba mtaani ni dola 60,000, na nyumba ni 600: kila nyumba inabeba dola 100. Kampuni ya pili ikilaza lake kando na kugawana wateja nusu kwa nusu, kila nyumba inabeba 200. Maji ni yaleyale. Weka hesabu ya mtaa wako uone.

Ila muuzaji akiwa peke yake anaweza kupandisha bei apendavyo, kwani huna pa kukimbilia. Kwa hiyo serikali humwekea bei: gharama pamoja na faida ya kiasi. Ugumu uko kwenye vitabu vyake, maana akiongeza gharama za uongo, bei halali nayo hupanda.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.