Siku ya kuzaliwa haihami na seva

Jana kijana mmoja kaniambia tena, kwa upole kabisa: “Kaka, tunza saa zote kwa UTC, hutakosea.” Kwa miamala ya pesa, sawa. Kwa tarehe ya kuzaliwa, jamani, hapana.

Mtoto kazaliwa Dar es Salaam saa saba na nusu usiku, tarehe 10 Machi, na mkunga kaandika 10 kwenye kadi. UTC iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo hifadhidata inaonyesha 22:30 ya tarehe 9. Mpaka hapo hakuna kosa. Kosa linaingia pale ripoti inapokata saa na kubakiza tarehe. Cheti kinasema 10, mfumo unasema 9, na mzazi ndiye anayeambiwa akalete kiapo.

Tarehe inayotakiwa ni ya pale mtoto alipozaliwa. Seva ilipo haituhusu, wala anapoishi leo.

```sql
SELECT (saa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
FROM vizazi;
```

Hii ni Postgres, na safu ya `saa` lazima iwe `timestamptz`. Ikiwa ni `timestamp` tupu, amri ileile inaichukulia 22:30 kuwa tayari ni saa ya Dar, na hupati onyo lolote. Wala usiwapake wote Dar: aliyezaliwa Goma saa tano na nusu usiku wa tarehe 9 ni 21:30 kwa UTC, na kwa saa ya Dar anakuwa wa tarehe 10. Goma hutumia `Africa/Lubumbashi`. Ndiyo maana mimi hutunza tarehe peke yake kama `DATE`, saa kando, na mahali kando.

Data ikishaharibika, tafuta 21:00:00 kamili. Ukikuta maelfu wamezaliwa sekunde hiyohiyo, hao hawakuwa na saa kabisa: mtu aliingiza tarehe tu, kompyuta ikaweka usiku wa manane wa kwetu, kisha ikarudisha nyuma saa tatu. Waongeze saa tatu, tarehe itarudi. Hata aliyezaliwa kweli saa sita kamili ya usiku anapata tarehe yake sahihi, ila saa yake huwezi kuitofautisha na ya hao wengine.

Kinachonishinda mimi hakimo kwenye kompyuta. Mama anasema, “Usiku wa Ijumaa, saa saba.” Kwa wanaohesabu siku kuanzia magharibi, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa jirani yake ni usiku baada ya Ijumaa kutwa, yaani kwa kalenda tayari ni Jumamosi. Huwa nauliza, “Kulipokucha ilikuwa siku gani?” Wengi hujibu papo hapo. Wengine hunyamaza, wakamtazama bibi, na bibi naye ana jibu lake. Hapo nafuata kadi ya mkunga, ingawa sijui yeye aliiandika kabla au baada ya kubadilisha zamu.