Tuta lile lile, kila siku: jinsi ya kuhesabu uchovu wa chuma kwenye chasisi ya tela

Fundi mmoja wa kuchomelea aliniita nikaangalie boriti ya tela lililoletwa gereji kwake. Alikuwa ameshafuta tope kwa kitambaa. Kwenye ubapa wa chini wa boriti, pembeni kabisa ya mshono uliounganisha kipande cha msalaba, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, una urefu wa kidole, na rangi iliyouzunguka ilikuwa imetiwa doa la kutu nyekundu. "Mhandisi," aliniambia, "gari hili linapita njia ile ile na matuta yale yale mwaka wa tano huu. Kama tuta lilikuwa la kulivunja, si lingelivunja siku ya kwanza?"

Swali lake ndilo linalojibiwa na hesabu nitakayoieleza hapa. Tuta moja halivunji boriti ile, na hata kuipinda haliipindi. Lakini kila chuma kinapovutwa na kuachiwa, kwenye ukingo wa mshono, mahali penye kona kali na vijidosari vidogo visivyoonekana kwa macho, ufa husogea kidogo sana. Huo ndio uchovu wa chuma. Kama mvuto ungekuwa wa kiasi kimoja kila mara, hesabu ingekuwa rahisi: maabara huchukua vipande vya chuma vilivyochomelewa, huvivuta na kuviachia kwa kiasi kile kile mpaka vikatike, kisha huandika ni mara ngapi. Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alikuwa akifanya majaribio ya namna hiyo kwa ekseli za mabehewa tangu miaka ya 1850. Shida ni kwamba barabara haina kiasi kimoja. Kuna tuta kubwa, kuna shimo, kuna mikwaruzo midogo ya lami, na vyote vinachanganyika.

Kanuni ya kujumlisha ilitolewa kwanza na Msweden Arvid Palmgren mwaka 1924, alipokuwa akishughulikia maisha ya beringi, na Mmarekani Milton Miner akaieleza upya kwa ajili ya ndege mwaka 1945. Inasema hivi: kama kiungo kingekatika baada ya mizunguko N, yaani kuvutwa na kuachiwa mara N, kwa mkazo fulani, yaani nguvu kwa kila eneo la chuma, basi kila mzunguko mmoja wa mkazo huo umekula sehemu 1/N ya maisha yake. Jumlisha sehemu hizo kwa mikazo yote iliyopita:

D = n1/N1 + n2/N2 + n3/N3 + ...

Hapo n ni idadi ya mizunguko iliyotokea, na N ni idadi ambayo ingekivunja kiungo kama mkazo huo ungekuwa peke yake. D ikifika 1, maisha yamekwisha. Ni kama daftari la deni dukani: muuzaji haulizi ulikopa lini, anajumlisha tu.

Lakini kabla ya kujumlisha lazima ujue mzunguko mmoja ni upi, na hapo ndipo wengi hukosea. Tuchukue mfano wetu. Tuseme tumebandika kipimo cha mnyooko karibu na mshono ule, tela likiwa na mzigo halali, likapanda tuta na kulishuka. Tukiacha vilele na mabonde tu, na kuanzia kwenye kilele cha juu kabisa, mkazo kwa megapaskali (MPa) umekwenda hivi:

120, 30, 70, 50, 90, 10, 60, 20, 120

Anayehesabu haraka atachukua kila hatua kama nusu mzunguko: kutoka 120 hadi 30 ni 90, kutoka 30 hadi 70 ni 40, na kuendelea. Ataona kwamba hatua kubwa kuliko zote ni 100, ile ya kutoka 20 hadi 120. Sasa tazama tena orodha. Chuma kilikuwa kwenye 120, kikashuka mpaka 10, kisha kikarudi 120. Huo ni upana wa 110, na yeye hakuuona kabisa, kwa sababu njiani mkazo ulisita-sita. Kusitasita huko hakuufuti mvuto mkubwa. Ufa unauhisi mvuto wote.

Mwaka 1968 Wajapani Matsuishi na Endo walitoa njia ya kuliweka hili sawa, nayo ikaitwa njia ya mtiririko wa mvua, kwa sababu mchoro wa mkazo ukisimamishwa wima unafanana na mapaa ya pagoda, na maji hutiririka kutoka paa moja hadi jingine. Kwa mkono, mimi huitumia kwa namna rahisi zaidi. Chukua namba nne zinazofuatana. Angalia pengo la katikati, yaani kati ya namba ya pili na ya tatu. Kama pengo hilo halizidi pengo la kabla yake wala la baada yake, limezungukwa pande zote: lihesabu kama mzunguko mmoja kamili, zifute namba hizo mbili za katikati, uanze upya.

Tuanze. Kwenye 120, 30, 70, 50, pengo la katikati ni 40 na la baada yake ni 20, hivyo halijazungukwa. Tusogee mbele: 30, 70, 50, 90. La katikati ni 20, na pande zote ni 40. Limezungukwa. Tunaandika mzunguko wa 20 na kufuta 70 na 50. Orodha inabaki 120, 30, 90, 10, 60, 20, 120.

Sasa 120, 30, 90, 10: katikati ni 60, pembeni ni 90 na 80. Tunaandika 60, tunafuta 30 na 90. Imebaki 120, 10, 60, 20, 120. Kwenye 120, 10, 60, 20, katikati ni 50 lakini baada yake ni 40, hivyo tunaruka. Kwenye 10, 60, 20, 120, katikati ni 40, pembeni ni 50 na 100. Tunaandika 40, tunafuta 60 na 20. Kilichobaki ni 120, 10, 120, nao ni mzunguko mmoja wa 110.

Kwa hiyo tuta moja limetupa mizunguko minne: 110, 60, 40 na 20. Jihakikishie kila mara: orodha ilikuwa na hatua nane, na hatua mbili hufanya mzunguko mmoja, hivyo minne ndiyo sahihi.

Tunahitaji sasa N ya kila mmoja. Natumia mstari wa kundi la 71, yaani mchoro unaoonyesha N kwa kila upana wa mkazo, katika kiwango cha Ulaya EN 1993-1-9. Kimeandikwa kwa majengo na madaraja ya chuma, lakini kina kiungo kinachofanana na chetu, kipande kilichochomelewa kukatisha ubapa wa boriti. Namba 71 maana yake ni kwamba kiungo hicho kinahimili mizunguko milioni 2 yenye upana wa MPa 71. Mstari unasimama kwenye upana wa mkazo tu, hauulizi wastani wake, kwa sababu mshono unapopoa hujivuta wenyewe na kubaki na mvuto mkubwa ndani hata gari likiwa limeegeshwa.

Juu ya MPa 52 hivi, N inapungua kwa kipeo cha tatu cha mkazo: mkazo ukiongezeka mara mbili, maisha yanagawanywa kwa nane. Kwa 110 tunapata mizunguko 538,000. Kwa 60 tunapata 3,310,000. Chini ya 52 mstari unalala zaidi, na kwa 40 tunapata 19,100,000. Huo wa 20 uko chini ya kikomo cha MPa 28.7, kwa hiyo kiwango kinaturuhusu tuuache.

Mzunguko wa 40 ungekuwa peke yake maisha yote, usingeanzisha ufa. Lakini hauko peke yake. Mikubwa ikishafungua ufa, midogo nayo hupata mahali pa kushika, ndiyo sababu haiachwi.

Tupitishe tela kwenye tuta mara milioni moja, ili desimali zisituchoshe. Mzunguko wa 110 unakula 1,000,000/538,000, yaani 1.86. Wa 60 unakula 0.30. Wa 40 unakula 0.05. Jumla ni 2.21. Basi D inafika 1 baada ya mipito kama 452,000. Kama safari moja ina matuta 120 na gari linafanya safari 300 zenye mzigo kwa mwaka, hiyo ni mipito 36,000 kwa mwaka, na boriti ina miaka 12 na nusu. Yule aliyehesabu haraka angepata miaka 16, kwa kuukosa mzunguko mmoja tu ambao peke yake unabeba asilimia 84 ya uharibifu.

Ongeza mzigo ili mikazo yote ipande kwa asilimia 20. Mizunguko inakuwa 132, 72, 48 na 24, na jumla kwa mipito milioni inapanda kutoka 2.21 hadi 3.86. Miaka 12 na nusu imekuwa miaka 7. Hakuna aliyeona tofauti yoyote barabarani siku hiyo ya kuzidisha mzigo, kwa kuwa chuma hakikupinda.

Niwe mkweli kuhusu kanuni yenyewe. Daftari lisilouliza tarehe lina kasoro, kwa sababu chuma kinajali mpangilio. Mivuto mikubwa ikitangulia kwenye kipande chenye uso laini, midogo inayofuata hukuta ufa tayari, na kipande hukatika D ikiwa chini ya 1. Kwa upande mwingine, mvuto mmoja mkubwa sana kwenye ufa uliokwishaanza unaweza kuuchelewesha kwa muda. Miner mwenyewe, kwenye majaribio yake ya alumini, aliona vipande vikikatika D ikiwa kati ya 0.61 na 1.45. Kwa viungo vilivyochomelewa, mimi hukubali D ya 0.5 tu. Kwa tela letu hiyo ni miaka 6 na miezi michache likibeba halali, na miaka 3 na nusu hivi likizidishiwa. Na kutu ikishatafuna mshono, hata kile kikomo cha 28.7 sikitegemei tena.

Ufa wa fundi wetu ulitokea mwaka wa tano, katikati ya namba hizo mbili. Mwenye gari alitaka uchomelewe juu kwa juu usiku ule ule. Fundi alikuwa na wasiwasi, na alikuwa na haki: ufa uliofunikwa bado uko chini, na D yake haijarudi sifuri. Tulipaka dawa nyekundu ya kupenyeza, tukaifuta, tukanyunyiza unga mweupe, na mwisho halisi wa ufa ukajichora milimita kadhaa mbele ya pale macho yalipoishia. Ndipo akachukua grenda na kuufuata mpaka ulipokwisha, akaujaza, na kuulainisha ukingo wa mshono. Kisha tukaenda kuangalia kipande cha msalaba cha upande wa pili, ambacho kilikuwa kimepita matuta yale yale.