Nyota za ndugu na jamaa haziisaidii gereji yako

Kazi yangu ni kuziweka biashara ndogo za Unguja kwenye Ramani za Google, na gereji ndizo zinazonipa kazi kubwa kuliko nyumba za wageni na mikahawa. Si kwa sababu mafundi hawajui simu. Ni kwa sababu kila mwenye gereji, awe wa Amani, Fuoni au Mtoni, ananijia na imani zile zile, na moja kati yao imeshaharibu wasifu wa biashara nyingi ambazo kazi yao ni nzuri kabisa. Nianze na hiyo.

"Tuanze na nyota tano za watu wetu, wateja wa kweli watafuata"

Wasifu wa gereji kwenye Ramani za Google ukishathibitishwa tu, usiku ule ule kiungo kinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: nipeni nyota tano. Wajomba, mafundi, mke wa fundi, muuza spea wa mlango wa pili, wote wanaandika "Gereji nzuri sana". Asubuhi mwenye gereji ananipigia kwa furaha. Baada ya muda ananipigia tena kuuliza nyota zimekwenda wapi.

Zimefutwa, na zilistahili kufutwa. Masharti ya Google yanataka maoni yatokane na huduma ambayo mwandishi aliipata kweli. Yanamkataza mwenye biashara kuisifu biashara yake, na yanawakataza wafanyakazi, hata waliokwishaacha kazi. Yanakataza pia kununua maoni, na kununua hakuishii kwenye pesa taslimu: ukimwambia mteja "andika nikupunguzie bei ya oili", umeshanunua. Maoni huchunguzwa na mashine kabla ya kuonekana, kisha huendelea kuchunguzwa. Mchezo ukizidi, Google inaweza kuufunga wasifu usipokee maoni mapya kwa muda, kuyaficha kwa muda yale yaliyopo, na kuweka onyo juu ya wasifu kwamba hapa maoni ya uongo yameondolewa. Hilo la tatu ndilo linaloniumiza, kwani analisoma kila mtu anayetafuta fundi wa kumkabidhi breki za gari yake.

Ndugu aliyeleta gari yake kweli na akalipa? Mimi humshauri akae pembeni pia. Faida ya neno lake moja ni ndogo mno kuliko shaka linayoleta.

Na hata zisingefutwa, nyota hizo hazimwambii msomaji kitu. Mfikirie dereva wa watalii aliyekwama Paje, Noah yake inachemsha, wageni wana ndege jioni. Hasomi wastani wa nyota peke yake. Anashuka chini kwenye maandishi kutafuta mtu aliyekuwa na tatizo kama lake. "Gereji nzuri sana" mara ishirini haimsaidii. Maoni mamoja yanayosema "Noah yangu ilikuwa ikichemsha, wakakuta radieta imeziba, wakanionyesha, wakamaliza siku ile ile" yanamfanya apige simu.

Gereji moja ya upande wa Mwanakwerekwe ilipitia haya yote. Ilikuwa na maoni ishirini na mawili yaliyoandikwa ndani ya siku mbili, yakabaki manne. Mwenyewe alitaka kurudia zoezi kwa akaunti nyingine za ukoo. Nilimkatalia, tukaanza na daftari la mapokezi, lile lile analoandikia namba ya gari, simu ya mwenye gari na kazi iliyofanyika. Tuliongeza safu mbili: tarehe ya kukabidhi gari, na tarehe ya kuomba maoni. Hakuna programu ya kununua.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mteja anapochukua gari, fundi anamwambia kwa mdomo kwamba atatumiwa ujumbe kuulizwa gari inakwendaje. Haombwi nyota pale dirishani. Mtu aliyetoka kulipa ana haraka, na bado hajaijua kazi: bushi na shokapu unazijua baada ya kupita barabara mbovu, si baada ya kuzunguka uwanja wa gereji. Ujumbe unakwenda siku ya tatu, kutoka namba ile ile ya WhatsApp aliyozoea kutumiwa picha za spea zilizoharibika. Unasema hivi:

"Assalamu alaykum. Hapa gereji. Jumatatu tulikubadilishia breki pedi za mbele. Breki ziko sawa mpaka sasa? Ukipata nafasi, tuandikie maoni yako kwenye Google, yawe mazuri au mabaya:" kisha kiungo.

Kiungo hicho unakipata ndani ya wasifu, sehemu ya kuomba maoni. Kinakuja na msimbo wa QR wa kuchanganua pia, lakini mimi siutegemei msimbo uliobandikwa ukutani. Kwenye gereji mikono ina grisi, simu iko mfukoni, na hakuna anayesimama kuuchanganua. Ujumbe unamkuta mtu amekaa.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha mwache. Akijibu kwamba breki zinapiga kelele, maoni yasubiri: mwambie alete gari, mrekebishie. Akishaondoka mara ya pili, mtumie kiungo tena kama mtu mwingine yeyote. Usimpangie maneno, na usimpe simu ya gereji aandikie, kwani akaunti iliyomo ni yako na maoni yatahesabika kuwa yako. Aandike kwa simu yake, kwa akaunti yake.

Gereji ile inatoa kiasi cha gari kumi kwa wiki. Wiki nyingine aliandika mtu mmoja, nyingine wawili, nyingine hakuandika mtu. Mwenyewe aliona ni mwendo wa kobe, na kila Jumamosi nilikuwa nikimwambia aendelee. Baada ya miezi michache alikuwa na maoni yanayotaja giaboksi, umeme, radieta na kutu ya chini ya gari, yenye tarehe zilizosambaa, na hayajafutwa. Kusambaa kwa tarehe ni jambo kubwa kwa msomaji: maoni ya wiki iliyopita yanamthibitishia kwamba gereji bado ipo na fundi bado yupo.

"Tuwaombe walioridhika tu"

Hii ni mtoto wa ile ya kwanza. Wengine humuuliza mteja kwanza kama ameridhika, akisema ndiyo anatumiwa kiungo, akisema hapana hatumiwi. Google inakataza kuwachuja wateja namna hiyo. Kila aliyeandikwa daftarini anatumiwa, pamoja na yule aliyenung'unika bei.

Maoni mabaya ya kweli hayafutwi kwa kuripotiwa. Kinachofutwa ni kile kinachovunja masharti: matusi, maoni ya mtu ambaye hakuwahi kuleta gari, maoni ya mshindani. Kwa mengine yote silaha yako ni jibu. Lipe siku moja hasira ipungue, kisha fungua daftari na ujibu kwa mambo yaliyotokea: "Bwana, gari yako tuliipokea Jumatano, compresa ya AC ilisubiri spea kutoka Dar, na kweli hatukukupigia kukuarifu. Tafadhali tupigie tulimalize." Usiandike namba ya gari yake wala namba yake ya simu hadharani. Wanaosoma jibu hilo ni wateja watakaokuja kesho, na wao wanataka kujua utawafanyaje mambo yakiharibika.

"Maoni ya Kiswahili hayana maana, wateja wenye pesa ni wageni"

Ramani za Google hutafsiri maoni kwa lugha ya simu ya msomaji. Mgeni aliyekodi RAV4 atamwelewa dereva wa daladala wa Bububu. Tena gari za kukodisha ni za wenyeji, na wao ndio wanaochagua gereji. Acha kila mtu aandike kwa lugha yake.

"Jina lirefushwe ili tutokee kwenye kila utafutaji"

Jina liwe lile lililoandikwa kwenye kibao chako, basi. Ukiongeza "Bora Zanzibar Toyota Nissan AC Denti Rangi", unavunja masharti na wasifu unaweza kusimamishwa, pamoja na maoni yote uliyoyasubiri kwa miezi. Huduma zina mahali pake: chagua aina kuu ya biashara kuwa ufundi wa magari, kisha ongeza aina nyingine kwa kazi unazozifanya kweli, kama matairi, umeme wa gari au denti na rangi.

"Ukilipa, Google inakupandisha juu"

Hailipwi. Wasifu ni bure, na mpangilio wa matokeo unafuata mambo matatu: unavyolingana na kinachotafutwa, ulivyo karibu na anayetafuta, na unavyojulikana, ambapo maoni yanahesabika. Matangazo ya kulipia yapo, lakini ni kitu kingine na yana alama ya tangazo. Anayekupigia simu na kukuahidi nafasi ya kwanza kwa malipo, kata simu. Na gereji ya Mwanakwerekwe isitegemee kuwa ya kwanza kwa mtu aliyeko Nungwi, kiasi cha kilomita 60 mbali. Umbali haununuliki.

"Pini ipo mtaani kwetu, inatosha"

Haitoshi. Mitaa yetu ina vichochoro, na pini iliyokaa nyumba tatu pembeni inampeleka mteja uani kwa watu. Vuta ramani ya satelaiti mpaka uone paa la gereji, uiweke pini kwenye lango ambalo gari huingilia. Kisha mpe simu mtu asiyeijua gereji aendeshe kutoka Darajani kwa kufuata ramani tu. Akikosea, rekebisha.

Uthibitisho wa wasifu siku hizi mara nyingi ni wa video. Irekodi bila kukata, angalau sekunde 30: anzia barabarani ambako maduka ya jirani yanaonekana, pita kwenye kibao, ingia ndani uonyeshe jeki na vifaa, kisha onyesha kwamba wewe ndiye mwenyewe kwa kufungua kufuli la stoo au kuonyesha cheti cha usajili cha BPRA. Usirekodi nyuso za watu.

La mwisho ni saa, nalo nalikuta mara nyingi mno. Mtu anafungua saa mbili asubuhi, anaandika 2:00 mpaka 12:00. Google inasoma saa nane za usiku, na saa tisa alasiri gereji imejaa gari huku ramani inasema imefungwa. Andika 8:00 mpaka 18:00. Ijumaa igawe vipande viwili, kabla na baada ya sala. Na mwezi wa Ramadhani tumia sehemu ya saa maalumu badala ya kuzigusa saa za kawaida, ili zikirudi usilazimike kuzikumbuka.