Je, wajua muuza dawa za mifugo anawakumbukaje vifaranga wako?

"Kila nikiingia lile duka la dawa za mifugo, dada muuzaji ananisalimia na kuniuliza vifaranga wangu wanaendeleaje, kisha ananiambia chanjo inayofuata ni lini. Jina langu halijui. Anakumbukaje?"

Hakukumbuki wewe, anaikumbuka siku yako. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa nyuma ya kaunta ya namna hiyo hapa Tabora, mtaa wa Isevya, na majina ya wateja yalinishinda tangu wiki ya kwanza. Kilichonisaidia ni kalenda ya kifaranga mwenyewe.

Kwa kawaida kifaranga huchanjwa dhidi ya magonjwa mawili ya kuku, kideri na Gumboro: kideri akiwa na siku 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na Gumboro tena siku ya 28. Zitazame hizo namba vizuri: zote zinagawanyika kwa 7. Maana yake, vifaranga walioanguliwa Jumanne watachanjwa Jumanne nne mfululizo. Sina haja ya kukariri tarehe nne za kila mteja. Nikijua huyu baba mwenye baiskeli nyekundu kutoka Ipuli ni "wa Jumanne", na kwamba mara ya mwisho alichukua Gumboro, basi najua anachokuja kutafuta kabla hajaegesha baiskeli.

Tumchukue huyohuyo baba. Vifaranga wake 40 walianguliwa Jumanne, tarehe 3 Machi. Tarehe 10 alikuja kuchukua kideri, nami nikaandika mstari mmoja kwenye daftari: baiskeli nyekundu, Ipuli, 40, J4 tarehe 3. Hiyo tarehe 3 ndiyo roho ya mstari wote. Muuzaji mgeni huandika siku mteja aliyowanunua vifaranga, na watu wengi huwanunua wakiwa tayari na siku mbili au tatu. Ukianzia hesabu hapo, ratiba yote inachelewa, na Gumboro haikusubiri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja mpya ni "walianguliwa siku gani?" Bei inafuata baadaye.

Tarehe 17 anaingia. Hapa ndipo Kiswahili kinapotubeba, maana salamu zetu tayari zina nafasi ya kuulizia. Namwambia, "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." "Habari za tangu siku ile?" "Nzuri." "Nyumbani hawajambo? Na mifugo?" Mtu aliyesimama kando atasikia salamu tu, lakini mimi nimekwisha kuuliza nilichotaka kuuliza. Mzee wa Kinyamwezi akianza na mwangaluka naitikia mwangaluka, kisha tunafika palepale.

Angalia nimesema "mifugo", sikusema "wale vifaranga wako 40". Kosa hilo nililifanya mara moja tu. Mama mmoja alikuwa amepoteza karibu wote usiku wa kuamkia siku ile, nami nikampokea kwa tabasamu na hesabu kamili. Swali pana humwachia mtu mlango. Kama ni wazima atawataja mwenyewe, na kama wamekufa atasema "tumshukuru Mungu" kwa sauti ambayo utaielewa. Pia dukani kuna masikio. Idadi ya kuku wa mtu ni habari njema kwa mwizi, na ukitamka kwa sauti kwamba kwake kuna kideri, jirani aliyetaka kununua jogoo wake hatarudi tena.

Baba wa Ipuli akijibu kwamba mifugo haijambo, ndipo namwendea karibu. "Leo ni Gumboro. Umekuja na chupa ya chai?" Chupa ya chai hapa si ya chai. Chanjo hukaa kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kutoka Isevya hadi Ipuli juani kwa baiskeli, ikiwa mfukoni mwa shati, inaweza kufika imekufa. Kwa macho huwezi kuijua. Utakuja kujua vifaranga wakianza kuugua ugonjwa uliodhani umewakinga. Chupa ya chai yenye vipande vya barafu inatosha, na kumkumbusha jambo hilo wiki moja kabla kuna faida kuliko kumkumbusha akiwa ameshafika mikono mitupu.

Kisha namuuliza habari ya mara iliyopita: "Maji uliyoyachanganyia yalikuwa ya wapi? Waliyamaliza kwa muda gani?" Chanjo ya kunywesha inataka maji safi yasiyotiwa dawa ya kuulia vijidudu, kwa sababu dawa hiyo huiua chanjo nayo. Vifaranga wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, na yale yenye chanjo yaishe ndani ya saa mbili. Akiniambia yalibaki hadi jioni, najua kideri cha wiki iliyopita hakikushika sawasawa, nami nitamkazia ile ya siku ya 21 asiiruke hata kwa dawa.

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti alioufanyia Berlin, ulioonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi iliyokatizwa kuliko iliyokwisha. Waliorudia majaribio yake baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo siapi kwa jina lake. Lakini kaunta yangu inakubaliana naye. Mteja aliyenunua dawa ya kupe akaenda zake, sura yake imeshafutika kichwani. Huyu aliyebakiza chanjo mbili, hata usingizini namwona.

Kuna faida nyingine ya kuzijua siku za watu. Chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko vifaranga 40, na ikishachanganywa hailali hadi kesho. Hapo naweza kumwambia baba, "Yupo jirani yako, wake pia ni wa Jumanne. Nikimwomba ruhusa nikutajie, mtachangia chupa?" Nauza chupa moja badala ya mbili, naam. Mwenye duka hakufurahi mwanzoni. Ila mteja aliyepunguziwa gharama kwa mkono wako haendi kujaribu duka la pili.

Tarehe 31 tukimaliza Gumboro ya pili, namwambia asije Jumanne ijayo. Wengine hushangaa, wamezoea kuuziwa kitu kila wakiingia. Inayofuata ni ndui, kati ya wiki ya 6 na ya 8, kwa hiyo arudi kuanzia tarehe 14 Aprili. Baada ya hapo kideri kila miezi mitatu, na hapo ndipo daftari linafanya kazi ambayo kichwa hakiwezi.

Daftari lina mpaka wake, lakini. Siku moja baba yule alikuja Ijumaa, bila chupa ya chai, akasimama mlangoni akisubiri wengine waondoke. Siku haikuwa yake. Sikumuulizia chanjo wala sikumtajia ratiba, na alipoomba "chanjo yoyote kali" nilimkatalia, kwa sababu chanjo hupewa kuku mzima, haitibu mgonjwa. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikamsalimia, nikauliza kwa sauti ya chini, "Wameanza lini, na kinyesi kina rangi gani?" Kisha nikampigia afisa mifugo wa kata.